Somo la Hesabu za Nyumbani: Karatasi ya Wafadhili wa Karo

Shikeni kalamu. Leo tutasoma karatasi ambayo kamati za kijiji huandika wanapopatikana watu wa kuwalipia watoto karo.

Katika shule nyingi za sekondari za bweni nchini Kenya, karo ya mwaka haigawanywi sawasawa. Muhula wa kwanza hulipwa sehemu 50 katika kila 100, muhula wa pili 30, na wa tatu 20. Basi tuseme karo ya mwaka ni shilingi 40,000. Muhula wa kwanza ni 20,000, wa pili 12,000, wa tatu 8,000. Jumlisha, utapata 40,000.

Sasa tazama karatasi ya kamati moja ya mfano, muhula wa kwanza. Majina hayakuandikwa, kila mwanafunzi ana namba, na kila mfadhili ana herufi.

Mwanafunzi 7, mfadhili B: karo 20,000, imelipwa 30,000, imezidi 10,000.
Mwanafunzi 8, mfadhili B: karo 20,000; imelipwa 0; baki 20,000.
Mwanafunzi 9, mfadhili D: karo 20,000; imelipwa 20,000; baki 0.

Jumla ya karo ni 60,000. Jumla iliyolipwa ni 50,000. Mwandishi wa kamati alijumlisha risiti za shule, akapata 50,000, akasema, “Hesabu ni sawa, tunadaiwa 10,000 tu.”

Je, ni sawa? Jumla ni sawa, lakini mistari imekosewa. Mfadhili B ana watoto wawili, namba 7 na namba 8. Alituma 30,000 mara moja, na pesa zote zikaandikwa kwa namba 7. Shuleni hakuna jumla ya kamati. Mhasibu hutazama jina la mtoto mmoja mmoja. Kwa hiyo namba 8 alirudishwa nyumbani, ingawa mfadhili wake alikuwa amekwisha kutuma pesa.

Ukiona neno “imezidi” katika mstari mmoja, simama hapo. Tazama kama mfadhili huyohuyo ana mtoto mwingine mwenye baki. Kisha muulize mfadhili alitaka pesa zigawanywe namna gani. Kamati isiamue peke yake. Tuseme B alijibu, “Nusu kwa nusu.” Basi kila mtoto ana 15,000, na baki ya kila mmoja ni 5,000.

Kubadilisha karatasi peke yake hakutoshi. Kamati impelekee mhasibu wa shule barua pamoja na risiti, ili 15,000 zihamishwe kutoka kwa namba 7 kwenda kwa namba 8. Na katika karatasi usifute. Piga mstari mmoja juu ya tarakimu ya zamani, andika mpya kando yake, tia tarehe na sahihi.

Jambo lingine: safu ya “imelipwa” hujazwa kwa risiti ya shule tu. Ujumbe wa simu waonyesha kwamba pesa zimefika kwa kamati; hauonyeshi kwamba zimefika shuleni. Na ahadi ya mfadhili si pesa bado.

Muhula wa pili, baki haipotei. Namba 8 atadaiwa 12,000 za muhula na 5,000 za nyuma, jumla 17,000.

Sasa tutazame orodha ya ripoti. Mwandishi yule aliandika “Ndiyo” mbele ya kila mtoto. Ndiyo ya muhula gani? Imetoka shuleni, au imekwisha kupelekwa kwa mfadhili? Andika tarehe mbili: tarehe ya kupokea na tarehe ya kupeleka. Pasipo na tarehe, ripoti haijapita hapo.

Tena, soma ripoti pamoja na hesabu. Ripoti ya namba 8 ina masomo mawili yasiyo na alama. Mfadhili akiiona peke yake, atadhani mtoto ni mtoro. Lakini karatasi yaonyesha kwamba siku za mtihani huo alikuwa nyumbani kwa sababu ya karo. Kamati iandike maneno hayo katika barua, iyapeleke pamoja na ripoti.

Zoezi. Muhula wa pili mfadhili D analipa 20,000 kwa ajili ya namba 9, naye hana baki ya nyuma. Andika mstari wake.

Jibu: karo 12,000, imelipwa 20,000, imezidi 8,000. D hana mtoto mwingine, na 8,000 ndiyo karo ya muhula wa tatu. Iandike mbele, muhula wa tatu, kwa namba 9. Usimpe namba 8 pesa hizo, hata kama anadaiwa, mpaka D mwenyewe akubali.

Kwaherini.