Maikrowevu Inazunguka, Chakula Baridi

Msikilizaji wa Isiolo, weka kikombe cha maji kwenye maikrowevu, moto wa juu, dakika 2. Sahani yazunguka, taa yawaka, maji bado baridi? Taa na mota ya sahani hutumia stima ya kawaida, volti 240. Kinachopasha ni magnetroni, inayotaka volti 4,000 hivi kutoka kwa transfoma, dayodi na kapasita. Hitilafu mara nyingi iko humo, au kwenye swichi ya mlango.

Sasa, bisibisi iweke chini. Ukichomoa plagi, au stima ikipotea, kapasita hubaki na chaji inayoweza kuua. Nyingi zina rezista ndani ya kuimaliza polepole, lakini ikikatika, kwa nje huoni kitu. Mwachie fundi anayejua kuiondoa chaji, kisha kupima kabla ya kugusa.