Anayelala kwa Mwajiri

Amri ya Mishahara ya mwaka 2022 iliweka kima cha chini cha shilingi 120,000 kwa mwezi kwa msaidizi wa nyumbani wa mwajiri wa kawaida, akilala kwake mwenyewe; akilala kwa mwajiri, 60,000. Nusu iliyopungua hutetewa kuwa ni ya chumba na chakula. Lakini binti aliyeshuka Morogoro mjini kutoka Mgeta huamka saa kumi na moja alfajiri kubandika chai, na usiku bado anasubiri kufungua geti. Kwa saa 45 za kisheria kwa wiki, 60,000 hizo zilikuwa kama shilingi 308 kwa saa. Akifanya kazi saa 72, zilibaki 192. Mtasema mwajiri naye kipato chake kidogo. Sawa, basi apunguze saa, na Jumapili ya binti iwe yake nzima.