Safari ya Damu Moyoni



Moyo wetu una vyumba vinne: viwili vya juu hupokea damu, viwili vya chini huisukuma. Kila chumba cha chini kina vilango viwili, cha kuingilia na cha kutokea, navyo hufunguka upande mmoja tu, damu isirudi nyuma.

Damu iliyokwisha kuzunguka mwilini huingia chumba cha juu cha kuume, hushuka cha chini, kisha husukumwa mapafuni. Huko huacha hewa chafu na kuchukua oksijeni. Ndipo huja chumba cha juu cha kushoto, hushuka cha chini, na kusukumwa mwili mzima.

Sasa tumtazame mtu aliyeugua homa ya baridi yabisi utotoni, baada ya maradhi ya koo. Miaka ikapita, kilango kati ya vyumba vya kushoto kikakakamaa, kikawa chembamba. Damu hukwama nyuma yake, na nyuma yake ni mapafu. Maji huvujia humo. Basi tumwonapo mtu ahemaye alalapo, apataye nafuu aketipo, tusilaumu kifua peke yake: na apimwe moyo pia.