Jipu Linalokua na Kupwita: Kukanda, Kutokamua, na Wakati wa Kupasuliwa

Mazungumzo ya afya kwa wakazi wa kata

Ndugu wakazi, katika vihamba vya Kibosho, Uru na Kilema ng'ombe hufugwa bandani, na majani yao huletwa begani, wakati mwingine kutoka mbali bondeni. Mzigo ule husugua ngozi, jasho hutoka, na shina la unywele hupata mchubuko usioonekana. Hapo ndipo jipu huanzia. Kijidudu kinacholisababisha mara nyingi huitwa stafilokokasi. Hukaa puani na juu ya ngozi za watu wengi wenye afya njema bila kuwadhuru, mpaka kipate mlango wa kuingilia.

Chukulieni mfano wa mkulima wa makamo ambaye Jumatatu anaona kipele chekundu chini ya shingo, pale mzigo unapokaa. Kina ukubwa wa punje ya harage. Jumatano kimekuwa sawa na ndimu ndogo, ngozi inang'aa, ina joto, na usiku maumivu yanapwita kwa kufuata mapigo ya moyo. Kupwita huko kuna sababu. Mwili umepeleka chembe nyeupe za damu kupigana na vijidudu, na mabaki ya vita hivyo ndiyo usaha. Usaha umezungushiwa ukuta, nao unaongezeka ndani ya nafasi isiyo na tundu la kutokea. Kila moyo unapopiga, shinikizo hupanda kidogo, na mgonjwa huusikia mpigo huo ndani ya jipu.

Kwa jipu dogo, tiba ya kwanza ni kukanda kwa maji ya uvuguvugu. Maji huchemshwa, kisha huachwa yapoe mpaka sehemu ya ndani ya kifundo cha mkono iweze kuyavumilia bila kuungua. Kitambaa safi huchovywa, hukamuliwa kidogo na kuwekwa juu ya jipu kwa dakika 10 hadi 15, kikichovywa tena kila kinapopoa. Kazi hiyo hufanywa mara 3 au 4 kwa siku. Joto hutanua mishipa midogo ya damu, chembe za ulinzi hufika kwa wingi, na jipu huiva na kupata njia ya kutokea lenyewe. Maji ya moto kupita kiasi hayaharakishi lolote, bali huunguza ngozi ambayo tayari ni dhaifu. Mwenye kisukari ambaye miguu yake imekufa ganzi asipime joto kwa miguu hiyo, bali ampe mtu mwingine ampimie.

Jipu likipasuka lenyewe, usaha hufutwa kwa kitambaa safi au shashi, kidonda hufunikwa, na kukanda huendelea ili kilichobaki kitoke. Mikono ioshwe kwa sabuni kabla na baada ya kazi hiyo. Taulo na kitambaa cha mgonjwa visitumiwe na mwingine. Vifuliwe kwa maji ya moto na kuanikwa juani, kwa kuwa usaha umejaa vijidudu vilevile, na nyumba moja inaweza kupokezana majipu kwa miezi.

Sasa turudi kwa mkulima. Alhamisi jirani anamwambia kwamba dawa ya jipu ni kulikamua. Tangu mwishoni mwa mwaka 2015, Hayati Rais Magufuli alipoyafanya maneno ya kutumbua majipu yawe ya siasa, kutumbua kumesikika masikioni mwa wengi kama jambo la kishujaa. Katika mwili, mambo ni tofauti. Ukuta unaozunguka usaha ndio unaozuia vijidudu visienee. Vidole vinapobana kutoka pande mbili, usaha hutafuta mahali palipo laini zaidi, na mara nyingi mahali hapo ni ndani, wala si nje. Ukuta hupasuka kwa chini, maambukizi huingia katika nyama za jirani, na yanaweza kufika katika damu. Sindano ya kushonea, mwiba au wembe huongeza vijidudu vipya, na wembe uliotumiwa na mtu mwingine unaweza kuambukiza hata Virusi vya Ukimwi.

Hatari ni kubwa zaidi kwa jipu la puani, la mdomo wa juu au la kati ya hapo na macho. Mishipa ya damu ya eneo hilo imeungana na mishipa iliyo nyuma ya macho, karibu na ubongo. Jipu la hapo halikamuliwi kamwe, hata likiwa dogo.

Mkulima anakubali kukamuliwa. Kunatoka damu na usaha kidogo, na usiku anapata nafuu ya saa chache. Ijumaa uvimbe umeenea hadi begani, homa imepanda, naye anatetemeka kwa baridi. Katika duka la dawa muhimu ananunua vidonge vichache vya amoksilini. Havimsaidii, kwa sababu mbili. Kwanza, aina nyingi za stafilokokasi zina uwezo wa kuivunja dawa hiyo. Pili, ndani ya usaha hamna mishipa ya damu, kwa hiyo hata dawa inayofaa hufika kidogo. Usaha uliokusanyika hutibiwa kwa kutolewa.

Jumamosi anafika kituo cha afya. Mganga analigusa jipu kwa vidole viwili: kidole kimoja kikibonyeza, kingine kinahisi maji yakisogea chini ya ngozi. Hiyo ni dalili kwamba limeiva na linahitaji kupasuliwa. Ngozi inasafishwa, sindano ya ganzi inachomwa pembeni, kisha jipu linachanwa kwa kisu kisicho na vijidudu. Ganzi hufanya kazi kwa udhaifu katika nyama iliyovimba, hivyo maumivu kidogo hubaki. Usaha unatolewa, vyumba vya ndani vinavunjwa ili kusibaki kifuko, kidonda kinaoshwa kwa maji ya chumvi ya hospitali na kufunikwa kikiwa wazi bila kushonwa, ili kipone kuanzia chini kuja juu. Kwa kuwa ana homa na uvimbe umeenea, anapewa pia dawa ya kuua vijidudu, na anatakiwa kurudi baada ya siku 1 au 2 kukaguliwa. Kisha anapimwa sukari ya damu, nayo inaonekana iko juu. Jipu kubwa la shingoni, au majipu yanayojirudia, wakati mwingine ndiyo habari ya kwanza ya kisukari.

Basi mkazi asingoje Jumamosi. Aende zahanati ikiwa jipu halijapungua baada ya siku 2 au 3 za kukandwa, linazidi kukua, au limelainika kwa ndani. Aende siku hiyohiyo ikiwa ana homa, michirizi myekundu inatambaa kutoka kwenye jipu, lina vichwa vingi, au lipo usoni, kwenye uti wa mgongo, kwenye titi au karibu na njia ya haja kubwa. Vivyo hivyo kwa mtoto mchanga, mzee, mwenye kisukari na anayeishi na Virusi vya Ukimwi. Jicho likivimba, shingo ikikakamaa au mgonjwa akichanganyikiwa, apelekwe moja kwa moja hospitali, iwe ya Kibosho, Kilema, Mawenzi au KCMC, kwa iliyo karibu.

Wengine huchelewa kwa sababu jipu liko kinenani au makalioni, nao huona haya kulionyesha. Mganga ameyaona mengi ya namna hiyo. Mficha maradhi, kilio humuumbua.