Namna ya Kutafuta Ubovu wa Pampu ya Mkono



Pampu ya kisima ikianza kuharibika, jambo ambalo watu wengi hulifanya kwanza ni kuleta mfuko wa vipuri na kuvibadili vyote kwa pamoja. Pengine maji hutoka, na watu hurudi makwao wakifurahi. Lakini hapana ajuaye ni kipuri kipi kilichokuwa kibovu. Vizima vimetupwa pamoja na kibovu, fedha za kisima zimekwisha, na ubovu uleule ukirudi baada ya mwezi mmoja kazi huanza tangu mwanzo. Pengine, nalo ni baya zaidi, maji hayatoki hata baada ya gharama hiyo, na akina mama hurudi kuteka vidimbwini. Maneno ya leo yahusu njia nyingine, nayo ni kubadili kitu kimoja tu, kupima, kuandika, ndipo kuendea kitu cha pili.

Watu wa Kwale wana sababu ya kuijua pampu ya mkono kuliko wengi. Pampu iitwayo Afridev, ambayo leo huonekana katika nchi nyingi za Afrika, chanzo chake kilikuwa Malawi, lakini ilijaribiwa na kurekebishwa katika visima vya pwani ya kusini ya Kenya katika miaka ya 1980. Waliofanya kazi ile walitaka pampu ambayo wanakijiji wenyewe, wanawake kwa wanaume, wangeweza kuifungua kwa spana moja bila kungoja gari la mafundi kutoka mjini. Kwa hiyo pistoni na vali ya chini hutolewa kwa kupitia ndani ya bomba, na bomba lenyewe hubaki kisimani. Jambo hili lafaa kukumbukwa, maana ndilo lionyeshalo mahali pa kuanzia.

Yampasa mtafutaji ajue kwanza jinsi maji yapandavyo. Chini kabisa, ndani ya maji, kuna silinda. Ndani yake hupanda na kushuka pistoni, iliyovikwa mpira wenye umbo la kikombe, nayo huvutwa na vyuma virefu vilivyounganishwa hadi kwenye mpini. Chini ya pistoni kuna vali ya chini, ambayo huruhusu maji kuingia na kuyakataza kutoka, na pembeni mwake imezungushiwa pete ya mpira. Juu ya silinda huendelea bomba la plastiki, vipande vya meta 3 vilivyounganishwa kwa gundi, mpaka juu ya nchi. Kila pistoni ipandapo, maji yaliyo juu yake husukumwa kuelekea mdomoni. Mpini utuliapo, vali ya chini na bomba ndivyo viyazuiavyo maji yasishuke.

Basi kazi ni mbili, kupandisha na kuzuia, na kila moja ina kipimo chake. Kupima kupandisha, mtu hupiga mapigo 40 kamili kwa dakika moja, maji yakiwa yamekwisha kutoka, na kuyakinga katika ndoo yenye alama za lita. Afridev iliyo nzima hupandisha karibu lita 0.44 kwa kila pigo, basi mapigo 40 hutoa lita 17 hivi. Yakipungua sana, mpira wa pistoni umelika, au vali yake haifungi. Kupima kuzuia, pampu hupigwa hadi maji yatoke, huachwa dakika 30 bila kuguswa, kisha huhesabiwa mapigo mpaka maji yatoke tena. Yakizidi 5, maji yanavuja mahali fulani chini.

Vipimo hivi havina maana vikichukuliwa ovyo. Apige mtu yuleyule kila mara, mpini ukifika mwisho wa juu na mwisho wa chini, maana nusu pigo huandikwa pigo na kuharibu hesabu. Kadhalika kipimo kirudiwe mara mbili kabla ya kugusa spana. Hesabu ikiwa 9 mara ya kwanza na 4 mara ya pili hali hapana kilichobadilishwa, basi hata ikishuka baada ya kutia kipuri kipya haitathibitisha neno lolote.

Na uchukuliwe mfano wa kisima kimoja upande wa Msambweni, ambacho maji yake yako meta 12 chini ya mdomo wa pampu. Wanawake wafikao alfajiri wanalalamika kwamba mpini umekuwa mwepesi na maji yanachelewa. Mwangalizi wa pampu anafungua daftari. Siku pampu ilipofungwa iliandikwa hivi: baada ya dakika 30, mapigo 2, mapigo 40, lita 16. Sasa anapima upya. Baada ya dakika 30, mapigo 9. Anarudia, tena 9. Alfajiri, baada ya usiku mzima, mapigo 14. Lakini mapigo 40 bado yanatoa lita 16.

Mweka hazina anasema, “Mama, tununue vipuri vyote tumalize shughuli hii.”

“Ngoja kwanza, Mzee,” anamjibu. “Lita hazikupungua. Pistoni haina kosa.”

Neno lake ni la haki. Kipimo cha ndoo kimekwisha kuondoa nusu ya washukiwa bila kutumia hata senti moja. Waliobaki ni watatu: vali ya chini, pete yake, na bomba.

Anaanza na vilivyo rahisi kufikiwa. Vyuma vinavutwa pamoja na pistoni, kisha vali ya chini inanaswa kwa kulabu na kupandishwa. Vyote vinalazwa juu ya mkeka safi, wala si juu ya mchanga. Punje moja ya mchanga wa pwani yatosha kuizuia vali isifunge, na mtu angetafuta siku nzima ubovu alioutia mwenyewe. Mara ya kwanza habadili kitu. Anaosha vali, anairudisha mahali pake, anapima: 9. Wengi huiruka hatua hii, nao hukosea, kwa sababu kutoa kitu na kukirudisha ni badiliko pia. Kama angetia vali mpya moja kwa moja na hesabu ikashuka, asingejua kama kilichoponya ni upya wa vali au ni ule mchanga uliotoka.

Jaribio la pili ndilo zuri kuliko yote, nalo halihitaji kipuri. Kile kipande cha plastiki kinachofunga na kufungua katika vali ya chini ni sawasawa na kile kilicho ndani ya pistoni. Mwangalizi anavibadilishana mahali: cha chini anakitia juu, cha juu anakitia chini. Kama cha chini kingekuwa kibovu, ubovu ungehama nacho. Maji yangekaa bombani, na lita za ndoo zingepungua. Anapima: mapigo 9, lita 16. Hakuna kilichohama. Vipande vyote viwili ni vizima.

Anavirudisha kila kimoja mahali pake pa kwanza, ndipo anapotia pete mpya ya mpira. Kuvirudisha si kupoteza wakati. Yafaa kila jaribio litofautiane na hali ya mwanzo kwa kitu kimoja tu. Mtu akiacha mabadiliko yakirundikana, jaribio la tatu huwa kwa kweli ni majaribio matatu yaliyochanganyika. Anapima: 9. Pete ya zamani inarudi kazini, na mpya inawekwa akiba. (Mambo yangekuwa mengine kama hesabu ingeshuka kutoka 9 hadi 6. Hapo pete mpya ingeachwa palepale na utafutaji ungeendelea, kwa maana pampu moja yaweza kuwa na maradhi mawili, na aliyeponya moja huonekana kana kwamba hakufanya kitu.)

Limebaki bomba, na hapa njia ya kubadili kimoja kimoja inafika ukingoni. Vipande vya bomba vimegundishwa. Havifunguliwi na kurudishwa kama vali. Kulipandisha bomba lote na kukata kila kiungo ni kuliharibu. Kipuri hakiwezi tena kusema neno. Daftari laweza.

Mwangalizi anapima mara moja zaidi, akingoja saa mbili badala ya dakika 30. Anapata mapigo 14, sawa na hesabu ya alfajiri baada ya usiku mzima. Basi maji yalishuka kwa muda, kisha yakasimama. Kama yangekuwa yanapitia vali ya chini, yangeendelea kushuka mpaka yalingane na maji ya kisima, meta 12 chini. Yamesimama kwa kuwa yamefika kwenye tundu, na yaliyo chini ya tundu hayana pa kutokea. Hesabu yake si ngumu. Meta moja ya bomba hili huchukua zaidi kidogo ya lita 2, na pigo moja ni lita 0.44, basi kila pigo hupandisha maji kama sentimita 20. Mapigo 14 ni karibu meta 2.8. Kiungo cha kwanza cha bomba kiko karibu na hapo, kipande cha juu kikiwa cha meta 3. Lau maji yangeshuka hadi usawa wa kisima, mapigo yangekuwa 60.

Lakini hesabu hii ina mpaka wake. Tundu likiwa chini ya usawa wa maji ya kisima, maji hushuka hadi meta 12 vilevile, na daftari haliwezi kulitofautisha na ubovu wa vali. Kadhalika kuna visima ambavyo ndoo mbili za kwanza hutoka vizuri, kisha pampu huvuta hewa. Hapo kosa si la pampu bali maji ya kisima yamepungua, na hapana kipuri kitakachoyarudisha.

Kwa kisima cha mfano, kazi iliyobaki ni ya watu wachache. Vyuma na vali ya chini hutolewa kwanza ili maji yaliyo bombani yashuke na bomba liwe jepesi; huinuliwa meta chache na kushikwa kwa kamba imara; kiungo kilichopasuka hukatwa, na kipande kipya hugundishwa. Gundi iachwe ikauke barabara kabla bomba halijabeba uzito wake, la sivyo kiungo hufunguka na bomba huzama kisimani.

Kesho yake asubuhi daftari linaandikwa mstari mpya: kiungo cha kwanza kimebadilishwa, vali, mpira na pete ni vya zamani, baada ya dakika 30, mapigo 2, baada ya usiku, mapigo 3, mapigo 40, lita 16.