Somo la Insha ya Kiingereza: Jibu Liwe Mlangoni

Leo tutazame mwanzo wa insha, maana ninyi mnaojiandaa kuingia Chuo Kikuu mtaandika insha nyingi kwa Kiingereza, na wengi hupoteza alama hapo mwanzoni.

Mimi nami nilipoteza. Insha yangu ya kwanza ilianzia zamani za kale, binadamu alipoanza kulima. Mwalimu aliirudisha akiwa ameandika pembeni: "Wewe wasemaje?" Jibu langu lilikuwamo, lakini katika ukurasa wa sita. Kwetu mtu mwenye adabu husalimu, huzunguka, ndipo hufikia jambo. Msomaji wa insha ya Kiingereza hutaka jibu mlangoni. Jibu hilo, likiwa katika sentensi moja, ndilo hoja kuu.

Tuchukue swali hili: Kwa nini mpango wa karanga wa Tanganyika ulishindwa?

Mmoja ataandika: "Insha hii itazungumza juu ya mpango wa karanga." Huyo ametaja habari tu, hakujibu. Wa pili ataandika: "Mpango ulishindwa kwa sababu nyingi." Huyo amejibu, lakini nani atambishia? Sentensi isiyoweza kubishiwa si hoja.

Sasa sikilizeni utangulizi huu:

"Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianza kulima karanga katika Tanganyika ili kupata mafuta ya kula. Mwaka 1951 mpango huo uliachwa, baada ya hasara ya pauni milioni 36 hivi. Wengi hulaumu matrekta yaliyoharibika. Lakini mpango ulishindwa hasa kwa sababu wakuu wake walifyeka pori la Kongwa kabla ya kuchunguza vya kutosha mvua na udongo wake. Kuharibika kwa matrekta kulizidisha hasara tu."

Sentensi mbili za kwanza zinampa msomaji mahali na wakati. Ya tatu inaonyesha kuna ubishi. Ya nne ndiyo hoja kuu. Neno "hasa" linapima sababu: ipi kubwa, ipi ndogo. Tena hoja hiyo ni ramani. Msomaji anangoja mvua kwanza, kisha udongo, kisha matrekta. Ukianza na matrekta, umempoteza njia.

Je, ukiwa unaandika ukagundua kwamba udongo ulidhuru kuliko mvua? Udongo wa Kongwa ulikuwa mgumu mno wakati wa kiangazi hata karanga hazikung'oleka. Basi usiifiche habari hiyo. Rudi mwanzo, urekebishe hoja. Kwa hiyo utangulizi huandikwa mara mbili: kabla ya insha, na baada yake.

Zoezi: Andika hoja kuu ya sentensi moja kwa swali hili: Kwa nini watu huhama shamba kwenda mjini? Kisha mpe mwenzako ajaribu kukubishia. Akikosa la kubisha, andika upya.

Kwaherini.