Picha ya Kutafutia Kazi: Piga Mlangoni, Achia Jirani Achague

*Mazungumzo kwa wakazi wanaotafuta kazi, mitaa ya Eastlands*



Mazungumzo ya leo yanahusu picha ya uso inayokaa ndani ya duara, karibu na jina, kwenye ukurasa wa LinkedIn wa mtu anayetafuta kazi. Wengi huweka picha iliyokatwa kutoka kwa sherehe ya arusi, mkono wa mtu mwingine ungali begani. Wengine huacha duara tupu wakingojea pesa za studio. Lakini mwenye simu ya kawaida, mwanga mzuri na mtu wa kumsaidia anaweza kupata picha ya kufaa asubuhi moja tu. Ugumu mkubwa huja baadaye, wakati wa kuchagua.

Chukueni mfano wa dada anayeishi chumba kimoja, ghorofa ya tatu, mtaani Pipeline. Anatafuta kazi ya mapokezi au ukarani. Majumba ya hapo yamekaribiana sana, na dirisha lake linatazama ukuta wa jirani. Akipiga picha ndani, hata taa ikiwa imewashwa, mwanga unatoka juu ya kichwa na macho yanaingia gizani. Akipanda juu ya nyumba kunakoanikwa nguo saa sita mchana, mambo ni yale yale: jua la Nairobi wakati huo hukaa karibu na utosi, likaweka kivuli chini ya nyusi, pua na kidevu.

Anachohitaji ni kivuli chenye mwanga. Maana yake ni kusimama ndani ya kivuli, hatua moja kutoka ukingoni, uso ukielekea nje kwenye anga wazi. Mlango wa ploti unafaa, na vilevile varanda au kivuli cha ukuta kule juu ya nyumba, saa mbili au saa tatu asubuhi. Kuna namna rahisi ya kujua kama amepata mahali pazuri. Ashike simu mbele yake na kugeuka polepole, akitazama macho yake kwenye skrini. Pale ambapo nuru ndogo inang'aa ndani ya kila jicho, hapo ndipo pa kusimama. Aangalie pia kilicho karibu, kwa maana ukuta wa kijani au shuka nyekundu iliyoanikwa kando hurusha rangi yake usoni.

Sasa ni nyuma yake. Watu wengi hutundika shuka jeupe wakidhani ndiyo studio. Hapo simu hukosea. Hiyo hupima mwanga wa picha nzima, na ikiona weupe mwingi hupunguza mwanga wote, kwa hiyo uso mweusi huwa mweusi kuliko ulivyo na sura yake ikapotea. Ukuta wa rangi ya maziwa iliyofifia, kijivu au udongo ni bora zaidi, naye asimame mbali nao kidogo ili kivuli chake kisiangukie hapo. Katika simu nyingi, ukigusa uso kwenye skrini kabla ya kupiga, simu hupima mwanga wa uso huo. Mara nyingi alama ndogo ya jua hutokea pia. Ukiitelezesha juu kidogo, uso hung'aa. Kipimo cha kutosha ni hiki: nywele na mstari wa taya vionekane vizuri, na paji la uso lisiwe na doa jeupe. Doa likitokea, apanguse jasho kwa tishu na kushusha mwanga kidogo. Apanguse lenzi pia, kwa sababu mafuta ya vidole huifanya picha kuwa na ukungu.

Jambo la tatu ni umbali. Selfi ya mkono ulionyooshwa hukuza pua na kupunguza masikio, kwa kuwa pua iko karibu zaidi na kamera. Kasoro hiyo hupungua sana simu ikiwa umbali wa mita moja na nusu hivi. Mdogo wake anaweza kushika simu kwa kimo cha macho, akitumia kamera ya nyuma, ambayo kwa kawaida ni bora kuliko ya mbele. Kama hakuna mtu, mtungi wa lita 20 juu ya stuli unatosha kuegemezea simu, na taima ya sekunde 10 inampa nafasi ya kusimama na kutulia. Avae nguo ambayo angevaa siku ya mahojiano, apinde mabega kidogo kando na kurudisha uso kwa kamera. Apige picha 20 au 30, akibadilisha kidogo tu: midomo imefungwa, tabasamu, kidevu chini kidogo.

Hapo ndipo kazi ya kuchagua inapoanza. Mwaka 2017, watafiti wakiongozwa na David White wa Chuo Kikuu cha New South Wales, Australia, walichapisha utafiti kuhusu jambo hili. Waliwaomba watu wachague picha zao wenyewe za kuweka mtandaoni, kisha wakawaomba watu wasiowajua wachague kutoka kwa picha zile zile. Picha zilizochaguliwa na wageni ndizo zilizowapendeza zaidi watazamaji wengine, hata kwa sifa kama uaminifu na uwezo wa kazi.

Kwa hiyo yule dada asichague peke yake, wala asimwachie rafiki wa karibu. Atoe kwanza zile zenye macho yaliyofumba au ukungu, abaki na 5. Awaonyeshe watu watatu wasiomjua sana: mama wa duka, jirani wa ghorofa ya chini, mtu wa M-Pesa. Swali la "Ipi ni nzuri?" halitamsaidia sana, kwa kuwa litaletewa jibu la heshima. Aulize, "Mama, ukiwa na ofisi, ni yupi kati ya hawa ungemweka mapokezi?" Wawili wakionyesha picha moja, hiyo ndiyo, hata kama yeye alipenda nyingine.

Kabla ya kuiweka, aitazame ikiwa ndogo kama ukucha wa kidole gumba, kwa kuwa mwajiri huiona hivyo kwenye orodha ya majina. Aikate iwe mraba, kuanzia juu kidogo ya nywele hadi mabegani, akiacha nafasi kwenye pembe ambazo duara litazificha. LinkedIn hupendekeza angalau pikseli 400 kwa 400. Kama ilipigwa kwa simu ya mdogo wake, itumwe kwa WhatsApp kama hati, kwa kuwa ikitumwa kama picha ya kawaida hupunguzwa ubora.

Mwisho, azime ile mipangilio ya urembo ambayo simu nyingine huwasha zenyewe. Hulainisha ngozi, huifanya nyeupe zaidi na wakati mwingine hupunguza taya. Mwajiri atakutana na mtu siku ya mahojiano, na sura ikitofautiana na picha, swali la kwanza akilini mwake litakuwa kama ukurasa wote ni wa kweli. Alama za ngozi zibaki, miwani au hijabu ya kila siku ibaki, na picha ibadilishwe sura ya mwenyewe ikibadilika.